Pengo Kabla ya Funguo: Ufilisi wa Hiari, Ufilisi wa Mahakama na Kazi za Kwanza za Mfilisi

Wanaofundisha sheria ya kampuni huanza na tofauti iliyo rahisi kuonekana. Katika ufilisi wa hiari wanahisa ndio wanaoamua kampuni ifungwe, na katika ufilisi wa mahakama jaji ndiye anayeamuru, kwa kawaida baada ya mdai kuwasilisha maombi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamsaidii sana mtu aliyeteuliwa jana kuwa mfilisi na ambaye kesho asubuhi lazima afike kwenye yadi ya kampuni. Yeye anahitaji kujua ufilisi ulianza siku gani, na nani alikuwa ameshika funguo kati ya siku hiyo na siku wadai walipopata sauti. Hoja ya makala haya ni kwamba kila njia ina pengo lake la muda, kwamba mapengo hayo hayakai mahali pamoja, na kwamba mahali pengo lilipo ndipo panapoamua kazi ya kwanza ya mfilisi. Nitatumia sheria ya Kenya, yaani Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ambayo kwa sehemu kubwa imefuata muundo wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1986.

Tuanze na njia ya hiari, ambayo kwa kweli ni njia mbili. Kampuni inayoweza kulipa madeni yake yote inaweza kufungwa na wanahisa wenyewe, mradi wakurugenzi wakague mambo yake na kutoa tamko la kisheria kwamba madeni yatalipwa yote, pamoja na riba, ndani ya muda usiozidi miezi 12 tangu ufilisi kuanza. Tamko hilo lazima litolewe ndani ya wiki tano kabla ya azimio. Mkurugenzi anayelitoa bila sababu za msingi anatenda kosa, na madeni yasipolipwa katika muda uliotajwa, sheria inachukulia kwamba hakuwa na sababu hizo mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Pasipo tamko, ufilisi wa hiari ni wa wadai. Wanahisa bado hupitisha azimio maalumu kwa angalau asilimia 75 ya kura na kupendekeza mfilisi, lakini mkutano wa wadai lazima uitishwe, na chaguo la wadai ndilo linalotawala. Aina hii ya pili ndiyo inayotuhusu hapa, kwa sababu kampuni nyingi zinazofungwa huku zikidaiwa hazina uwezo wa kuwalipa wote.

Njia ya mahakama mara nyingi huanza na karatasi moja. Mdai anayedai shilingi 100,000 au zaidi huacha barua ya madai katika ofisi iliyosajiliwa ya kampuni. Siku 21 zikipita bila deni kulipwa wala kuwekewa dhamana inayomridhisha, kampuni huhesabiwa kuwa haiwezi kulipa madeni yake, na mdai anaweza kwenda Mahakama Kuu. (Mawakili wengi huituma barua hii kama fimbo ya kukusanyia deni. Deni likiwa linabishaniwa kwa hoja za kweli, mahakama haziipokei tabia hiyo, na ni haki zisiipokee.) Jaji akitoa amri, Mpokeaji Rasmi ndiye anayeshika nafasi ya mfilisi mpaka mwingine ateuliwe.

Ufilisi wa hiari huanza siku azimio linapopitishwa. Ufilisi wa mahakama hauanzi siku ya amri, kama wengi wanavyodhani, bali hurudi nyuma hadi siku maombi yalipowasilishwa. Kati ya siku hizo mbili miezi inaweza kupita, na wakati wote huo wakurugenzi wangali ofisini, madereva wangali barabarani, na cheki zingali zinatiwa sahihi. Sheria inaliziba pengo hilo kwa kifungu kikali: amri ikishatolewa, kila uhamishaji wa mali ya kampuni uliofanywa baada ya maombi kuwasilishwa ni batili, isipokuwa mahakama iuidhinishe. Hii ndiyo sababu benki huifunga akaunti ya kampuni mara inaposikia habari za maombi. Si ukatili. Benki inaogopa kuambiwa baadaye irudishe fedha zilizopitia mikononi mwake.

Tuone jinsi jambo hili linavyofanya kazi katika mfano wa kubuni. Kampuni ya malori ya Mombasa inadaiwa shilingi milioni 4.2 na muuzaji wa dizeli. Barua ya madai inaachwa ofisini tarehe 3 Februari, siku 21 zinaisha bila malipo, na maombi yanawasilishwa tarehe 10 Machi. Tarehe 2 Aprili mkurugenzi anamuuzia ndugu yake malori mawili kwa shilingi milioni 1.2 kila moja, ilhali sokoni lori moja lingepata milioni 3. Tarehe 5 Mei kampuni inamlipa muuzaji wa matairi deni la shilingi 900,000. Amri ya ufilisi inatoka tarehe 18 Juni.

Mfilisi aliyeteuliwa chini ya amri hiyo hahitaji kuthibitisha nia ya mtu yeyote. Ufilisi ulianza 10 Machi, na miamala yote miwili ilifuata. Ni batili, na anayetaka isimame ndiye mwenye mzigo wa kuiomba mahakama iiidhinishe. Huenda muuzaji wa matairi akasikilizwa iwapo matairi hayo yaliyaweka malori barabarani kwa faida ya wadai wote, ingawa malipo ya deni la zamani ni vigumu kuyatetea. Ndugu wa mkurugenzi hana la kusema.

Sasa tufute maombi ya Machi. Tuseme muuzaji wa dizeli hakwenda mahakamani, na wanahisa wenyewe wakapitisha azimio tarehe hiyo hiyo ya 18 Juni. Malori ni yale yale na fedha ni zile zile, lakini kazi ya mfilisi imebadilika kabisa. Miamala yote miwili imetokea kabla ya ufilisi kuanza, kwa hiyo si batili, na anayetaka ivunjwe ni yeye. Kuhusu malori atadai kwamba yaliuzwa kwa thamani ya chini mno ndani ya miaka miwili kabla ya ufilisi, na kwa kuwa mnunuzi ni mtu wa karibu na kampuni, sheria itamsaidia kwa kudhania kwamba kampuni ilikuwa tayari haiwezi kulipa madeni. Kuhusu matairi ana shida kubwa zaidi. Muuzaji huyo ni mgeni kwa kampuni, hivyo muda wa kuangalia nyuma ni miezi sita tu, na lazima ithibitike kwamba kampuni ilisukumwa na hamu ya kumpendelea. Muuzaji akionyesha kwamba alitishia kusimamisha huduma na kampuni ikalipa kwa kubanwa, dai linaweza kuanguka na shilingi 900,000 zikaenda zake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfilisi wa mahakama inatazama nyuma. Kabla ya kuhesabu matairi yadini, aombe taarifa za benki za kuanzia siku ya maombi, pamoja na kumbukumbu za nambari ya M-Pesa ambayo wateja huilipia, kwa maana fedha nyingi za kampuni ndogo hazifiki benki kabisa. Ailinganishe orodha ya malori na rekodi za usajili wa magari ilivyokuwa siku ile ya Machi. Amri ya ufilisi imekwisha kuzizuia kesi dhidi ya kampuni zisianzishwe wala kuendelea bila ruhusa ya mahakama, kwa hiyo dalali wa mdai mmoja hatamkimbiza. Ana nafasi ya kuchunguza.

Mfilisi wa hiari hana kinga hiyo ya moja kwa moja, na akitaka kesi fulani isimamishwe ni lazima aende mahakamani mwenyewe kuomba. Zaidi ya hapo, pengo lake liko mbele. Ameteuliwa na wanahisa, wadai bado hawajakutana, na katika siku hizo chache anayeweza kuharibu mali ni yeye mwenyewe.

Somo hili Waingereza walilipata kwa gharama. Mwaka 1966, katika kesi ya Centrebind, mahakama ilikubali kwamba mfilisi aliyechaguliwa na wanahisa ni mfilisi halali hata kabla ya wadai kukutana. Uamuzi ulikuwa na nia njema: mfilisi alikuwa anataka kuzuia mamlaka ya kodi isikamate mali peke yake. Lakini mlango huo uliingiwa na watu wa aina nyingine. Mfilisi rafiki aliteuliwa asubuhi, akauza mitambo na bidhaa kwa bei ya kutupa kwa kampuni mpya ya wakurugenzi wale wale, na wadai walipokutana walikuta ghala tupu. Sheria ya mwaka 1986 ikaufunga mlango kwa kumnyang'anya mfilisi huyo mamlaka karibu yote, na kizuizi hicho kimeingia katika sheria ya Kenya. Mpaka wadai wakutane, bila idhini ya mahakama anaruhusiwa kuiweka mali chini ya ulinzi wake, kuuza vitu vinavyooza au vinavyopoteza thamani upesi, na kufanya yaliyo ya lazima ili kuihifadhi mali.

Orodha hiyo fupi ndiyo kazi zake za kwanza. Katika yadi yetu ya Mombasa, abadilishe kufuli na kuweka mlinzi asiyelipwa na mkurugenzi. Athibitishe kwamba bima ya malori haijaisha, kwa sababu kampuni inayokosa fedha huacha bima mapema. Azichukue funguo na hati za umiliki. Akikuta hati yenye jina la benki kando ya jina la kampuni, ajue kwamba lori hilo lina mkopo na kwamba ufilisi haumzuii mwenye dhamana kulikamata. Kontena la parachichi lililokwama yadini likisubiri meli linaoza kweli, lakini ni mali ya msafirishaji wake. Ruhusa ya kuuza vinavyooza ni kwa mali ya kampuni tu, na mfilisi anayeliuza kontena hilo atajibu dai yeye binafsi. Njia ya salama ni kumpigia simu mwenyewe siku hiyo hiyo. Matangazo ya uteuzi na taarifa kwa Msajili yana muda wake uliowekwa na sheria na yasichelewe, ila kufuli litangulie tangazo.

Naona kizuizi hiki bado kina udhaifu mmoja. Mfilisi hutakiwa kufika kwenye mkutano wa wadai na kueleza jinsi alivyotumia mamlaka yake katika kipindi cha pengo, na kwa kuwa wadai wengi hawajui kwamba wana haki ya maelezo hayo, yanaweza kupita kwa sentensi mbili tatu. Mdai anayejua ataomba orodha ya mali ilivyokuwa siku mfilisi alipoingia, ikiwa na tarehe na sahihi, kisha aiweke kando ya orodha ya siku ya mkutano. Lori lililomo katika ya kwanza na halimo katika ya pili lazima litolewe maelezo ya jina la mnunuzi, bei, na idhini ya mahakama iliyoruhusu mauzo hayo. Idhini ikikosekana, wadai wana sababu ya kutosha ya kumpigia kura mfilisi mwingine kabla mkutano haujaendelea na jambo lolote jingine.