Siku Tisini za Ombi la Ardhi: Namna ya Kupima Ucheleweshaji Vijijini Lushoto

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, haikuiachia halmashauri ya kijiji muda usio na kikomo. Kifungu cha 23 kinaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 90 tangu mwananchi awasilishe ombi la hakimiliki ya kimila. Katika vijiji vya Usambara, ambako mashamba ni madogo na mpaka mara nyingi ni mstari tu wa masale juu ya mteremko, ahadi hiyo ina uzito. Je, kijiji kitajuaje kwamba kinaitimiza?

Jibu la haraka ni kuchukua maombi yote yanayosubiri uamuzi, kuhesabu yale yaliyopita siku 90, kisha kutafuta asilimia. Kazi hiyo haihitaji kompyuta. Mtendaji wa kijiji anayefunga hesabu zake tarehe 31 Machi, katika mwaka ambao Februari ina siku 28, anarudi nyuma siku 90 na kufika 31 Desemba. Ombi lolote lililopokelewa kabla ya tarehe hiyo na bado halina uamuzi limechelewa. Kinachotakiwa ni daftari lenye tarehe ya kupokea na tarehe ya uamuzi.

Ugumu unaanza asilimia hiyo inaposomwa kama kipimo cha bidii. Tuchukue kijiji cha kufikirika chenye maombi 40 yanayosubiri, 10 kati yake yakiwa yamechelewa: asilimia 25. Mwezi unaofuata kunafanyika uhamasishaji wa upimaji, na watu 60 wanaleta maombi mapya. Halmashauri haitoi uamuzi hata mmoja, na maombi mengine manne yanavuka siku 90. Sasa yamechelewa 14 kati ya 100, yaani asilimia 14. Waliocheleweshwa wameongezeka, lakini taarifa inayopelekwa wilayani inaonyesha nafuu.

Kinyume chake kinaumiza zaidi. Laiti katika yale 40 ya mwanzo halmashauri ingeketi na kuamua maombi 20 ambayo muda wake haujaisha, yangebaki 20, na 10 yaliyochelewa yangekuwa nusu yake. Wajumbe waliofanya kazi ndani ya muda wangeonekana wamezorota. Sababu ni kwamba kipimo hiki kinatazama mabaki peke yake. Ombi lililojibiwa kwa wakati hutoweka kwenye hesabu siku ileile linapojibiwa.

Kwa hiyo asilimia hii isisomwe peke yake. Kando yake iandikwe idadi yenyewe ya maombi yaliyochelewa, pamoja na umri wa ombi kongwe kuliko yote. Turudi kwenye yale maombi 100. Katika siku 91 zinazofuata halmashauri inaamua 30, na katika wiki za mwisho yanaingia mapya 10. Yanabaki 80, na 70 yamechelewa: asilimia 87.5. Takwimu hiyo ni ileile hata kama wajumbe walianza na makongwe, au waliyaruka na kuchukua mepesi yasiyo na mgogoro wa mpaka. Ni umri wa ombi kongwe tu unaotenganisha njia hizo mbili, na kwa familia inayogombania mpaka na jirani, tofauti hiyo ndiyo yenye maana.

Liko pia suala la saa inayoanza upya. Kifungu hichohicho kinaruhusu siku 90 zihesabiwe tangu mwombaji alipowasilisha maelezo ya ziada aliyotakiwa kuleta, au sababu ya kuridhisha ya kutoyaleta. Hilo ni haki: halmashauri haiwezi kulaumiwa kwa karatasi ambayo haijaletwa. Lakini mtendaji akifuta tarehe ya kwanza na kuandika ya pili, ombi la miezi minane linaweza kuonekana la wiki tatu. Tiba yake ni safu moja zaidi kwenye daftari: tarehe ya kwanza ibaki, tarehe ya maelezo ya ziada iongezwe, na asilimia itolewe kwa hesabu zote mbili. Pengo kati yao likiwa kubwa, anayekagua ana pa kuanzia: maelezo gani yaliombwa, na kwa nini hayakuombwa siku ya kwanza?

Ikumbukwe pia kwamba uamuzi si hati. Cheti bado kinahitaji sahihi za kijiji, na afisa ardhi wa wilaya lazima akitie sahihi na muhuri na kukisajili. Ucheleweshaji wa hatua hiyo upimwe kivyake, la sivyo kijiji kitabebeshwa mzigo wa wilaya.

Sheria hiyo inadai vilevile kwamba ombi la mwanamke lisishughulikiwe kwa upendeleo mdogo kuliko la mwanamume. Daftari lenye tarehe zake zote linawezesha kulikagua sharti hilo: maombi ya wanawake yatengwe, kisha yahesabiwe kwa mpaka uleule wa siku 90. Katika kijiji kimoja yanaweza kuwa manne au matano tu, na hapo asilimia haifai kabisa. Yaandikwe moja moja, kila moja na siku lilizokaa.