Kosa Linalobaki: Historia ya Kifidishi cha Kukawiza

Mfumo unaojirekebisha wenyewe huendeshwa na kosa lake. Hupima tofauti kati ya kinachotakiwa na kilichopo, huikuza tofauti hiyo, kisha huitumia kusukuma mota au kufungua vali. Kosa likiisha, msukumo nao huisha. Ndiyo maana mfumo unaohitaji msukumo wa kudumu, kama antena inayozunguka bila kusimama ikiifuata ndege, hauwezi kulimaliza kosa lote: hubakiza kiasi kidogo cha kuilisha mota. Kiasi hicho huitwa kosa la hali tulivu, kwa kuwa hubaki hata baada ya mitikisiko ya mwanzo kutulia. Kifidishi cha kukawiza ni sehemu ndogo inayoongezwa kwenye mzunguko wa udhibiti ili kulipunguza kosa hilo, huku mwitikio wa mpito, yaani namna mfumo unavyoruka, unavyopitiliza na unavyotulia, ukibaki karibu vilevile.

Kutoka gavana hadi usukani wa meli

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko umeme. Gavana ya mipira miwili iliyofungwa kwenye injini za mvuke za Boulton na Watt tangu 1788 ilidhibiti kasi, lakini mzigo ulipoongezeka injini ilitulia kwenye kasi ndogo kidogo kuliko ya awali. Haikuwa na la kufanya, kwa sababu ili vali ya mvuke ibaki wazi zaidi, mipira ilipaswa kubaki chini zaidi, na mipira kubaki chini maana yake ni kasi kubaki pungufu. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, katika makala yake kuhusu magavana, alitenganisha vifaa vya aina hiyo na vile ambavyo marekebisho yake huendelea kukua kadiri kosa linavyodumu. Vifaa vya aina hii ya pili havibakizi kosa, lakini Maxwell alionyesha pia kwamba visipopangwa vizuri mitikisiko yake hukua badala ya kufifia.

Nicolas Minorsky aliliendeleza wazo hilo mwaka 1922 alipochambua uendeshaji wa meli bila mkono wa nahodha. Meli inayosukumwa na upepo wa upande mmoja huhitaji usukani ubaki umepinda. Sehemu ya udhibiti inayojumlisha kosa kwa muda hukipata kipimo hicho cha kupinda na kukishikilia. Ujumlishaji huo, hata hivyo, una gharama. Huichelewesha ishara ya kila masafa kwa nyuzi 90 za awamu, na ucheleweshaji wa awamu ndio unaougeuza mrejesho unaotuliza kuwa mrejesho unaotikisa.

Mchango wa wahandisi wa simu

Njia ya kulipia gharama hiyo ilipatikana kwenye maabara za simu za Bell, ambako tatizo lilikuwa vikuza-sauti na si mashine. Harry Nyquist alieleza mwaka 1932 jinsi ya kuutambua mzunguko wa mrejesho usio imara kwa kuangalia ukuzaji na awamu yake kwenye kila masafa. Mwaka 1940 Hendrik Bode alionyesha kwamba, katika saketi za kawaida, ukuzaji na awamu havipangwi kila kimoja peke yake. Mahali ambapo ukuzaji unashuka, awamu nayo huchelewa, na uchelewaji huo hujikusanya karibu na masafa ya mshuko wenyewe.

Hapo ndipo msingi wa kifidishi cha kukawiza ulipo. Kosa la hali tulivu hutegemea ukuzaji kwenye masafa ya chini kabisa. Uimara na mwitikio wa mpito hutegemea zaidi awamu iliyopo karibu na masafa ya mkato, yaani pale ambapo ukuzaji wa mzunguko mzima umeshuka hadi 1. Kama ukuzaji utapandishwa kwenye masafa ya chini na kurudishwa ulivyokuwa mapema, mbali chini ya mkato, uchelewaji wa awamu utabaki huko chini na kuathiri kidogo tu yanayotokea juu.

Vita Kuu ya Pili ilizikutanisha hesabu hizi na mitambo ya rada na mizinga. Baada ya vita, Hubert James, Nathaniel Nichols na Ralph Phillips walikusanya mbinu za wakati huo katika kitabu cha 1947 kuhusu nadharia ya servo, kilichotokana na kazi za maabara ya rada iliyokuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Mwaka uliofuata Walter Evans, mhandisi wa North American Aviation, alianza kuchapisha mbinu ya kuchora mahali mizizi ya mlinganyo wa mfumo inapohamia kadiri ukuzaji unavyobadilishwa. Kwa mchoro wa Evans, kifidishi cha kukawiza kilionekana wazi zaidi, pamoja na upungufu wake.

Mfano wa antena

Chukua antena ambayo mota na kikuzaji chake, katika lugha ya milinganyo hiyo, ni

`G(s) = 16/(s(s+4))`

Mrejesho ukifungwa, mizizi ya mfumo ni `-2 ± j3.46`. Antena ikiamriwa kuruka kwenda pembe mpya, hupitiliza kwa asilimia 16 hivi na kutulia ndani ya sekunde 2. Mwitikio huo unafaa. Tatizo ni kufuata: konstanti ya kasi ni 16/4, yaani 4, kwa hiyo shabaha inayosogea nyuzi 2 kwa sekunde hufuatwa kwa kuachwa nyuma nusu nyuzi, muda wote. Inatakiwa kosa hilo lishuke mara 10, liwe nyuzi 0.05.

Jibu la haraka ni kuongeza ukuzaji kutoka 16 hadi 160. Kosa la kufuata litashuka kama inavyotakiwa, lakini upitilizaji utapanda hadi asilimia 60 hivi, na antena itayumba karibu mara 2 kila sekunde kabla ya kutulia. Tena hesabu hiyo ni ya matumaini. Mota halisi ina ucheleweshaji mdogo uliopuuzwa. Ukiwa wa sekunde 0.05 tu, mfumo hupoteza uimara ukuzaji unapozidi 96, na kwenye 160 antena haitatulia kamwe.

Kifidishi hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine:

`C(s) = (s+0.1)/(s+0.01)`

Kwa ishara za polepole sana, uwiano huu ni 0.1/0.01, yaani 10. Kwa ishara za haraka ni 1. Konstanti ya kasi hupanda kutoka 4 hadi 40. Masafa ya mkato ya antena ni radiani 3.1 hivi kwa sekunde, mbali juu ya 0.1, na hapo kifidishi huchelewesha awamu kwa chini ya nyuzi 2, wakati akiba ya awamu iliyokuwepo ni nyuzi 52. Mizizi miwili ya mwanzo husogea kidogo tu, hadi `-1.95 ± j3.44`. Antena huruka karibu kama ilivyoruka zamani.

Mzizi wa tatu

Mlinganyo mpya, hata hivyo, una mizizi mitatu. Wa tatu unaangukia `-0.1023`, jirani kabisa na sifuri ya kifidishi iliyopo `-0.1`. Ujirani huo huufunika mzizi kwa kiasi kikubwa, lakini si wote. Baada ya mruko, antena hubaki juu ya shabaha kwa asilimia 2.4 hivi, na ziada hiyo hupungua polepole, ikihitaji karibu sekunde 10 kila mara ili kushuka hadi theluthi moja na ushei ya ilivyokuwa. Kilele cha upitilizaji hupanda kutoka asilimia 16 hadi 19. Anayeipima antena kwa sekunde 2 tu ataona mwitikio mzuri. Anayeacha kalamu ya kinasa iendelee kuchora ataona mkia mrefu usiotaka kuisha.

Mkia huohuo huonekana kwenye ufuatiliaji, na hapa ndipo bei halisi ilipo. Shabaha ikianza kusogea nyuzi 2 kwa sekunde, kosa hupanda kwanza karibu na nusu nyuzi, kama vile kifidishi hakipo. Baada ya sekunde 5 bado ni nyuzi 0.33. Baada ya sekunde 10 ni 0.22, baada ya 20 ni 0.11, na nyuzi 0.05 zilizoahidiwa hukaribiwa baada ya sekunde 40. Kwa setilaiti inayovuka anga kwa dakika kadhaa, hilo ni jambo dogo. Kwa kombora linaloonekana kwa sekunde 5, kifidishi hiki hakijasaidia kitu cha maana.

Mbunifu anaweza kuuharakisha mkia kwa kukisogeza kifidishi juu, mathalani `(s+0.4)/(s+0.04)`. Uwiano ni uleule wa 10 na kosa la mwisho ni lilelile, lakini mkia sasa hupungua kwa hatua za sekunde 2.3 badala ya 10. Malipo yake ni kwamba mkia wenyewe ni mnene zaidi, na upitilizaji hufika asilimia 28. Kanuni iliyozoeleka ya kuiweka sifuri sehemu ya kumi ya masafa ya mkato, hapa 0.31, iko kati ya hali hizi mbili. Hugharimu nyuzi 5 hivi za awamu.

Kutoka rezista hadi tarakimu

Katika enzi ya vali za elektroni, kifidishi hiki kilitengenezwa kwa rezista mbili na kapasita moja. Ishara hupita kwenye rezista ya kwanza. Baada yake, rezista ya pili iliyofuatana na kapasita huunganishwa na ardhi. Kwa antena ya mfano huu, rezista ya kwanza ni ya megaomu 9, ya pili ya megaomu 1, na kapasita ya maikrofaradi 10. Saketi hiyo haiongezi ukuzaji wa ishara za polepole. Hupunguza zile za haraka mara 10, na kikuzaji kinachofuata hurudisha mara hizo 10. Udhaifu wake ni kapasita inayovuja. Uvujaji wa megaomu 10 tu hushusha konstanti ya kasi kutoka 40 hadi 22, na hakuna dalili kwenye mwitikio wa haraka. Hugundulika tu kwa kupima kosa la kufuata baada ya mkia kuisha.

Vichakataji vidogo vilivyoenea tangu miaka ya 1970 viliondoa uvujaji na kuleta ukadiriaji wa tarakimu. Kifidishi kilekile kikihesabiwa mara 1,000 kwa sekunde huhitaji kizidishi cha 0.99999. Katika neno la biti 16 linalobeba sehemu za moja, thamani kubwa kuliko zote ni 0.99997, na tofauti hiyo ndogo huusogeza mzizi wa kifidishi kutoka 0.01 hadi 0.03. Kosa la kufuata, lililotarajiwa kupungua mara 10, hupungua mara 3 tu. Dawa ni kutunza kumbukumbu ya kifidishi kwenye neno refu zaidi, au kukihesabu mara chache zaidi kwa sekunde. Mabadiliko yanayochukua sekunde nyingi hayahitaji kuangaliwa kila milisekunde.