Timilifu si Hitimishi

Vijana wa Gitega na Muyinga wanaojiandaa kwenda kusoma Urusi hupewa kijitabu kinachowafundisha kwamba hali timilifu ya Kiingereza, ile inayojengwa kwa kitenzi cha "kuwa na", ikifika kwenye Kirusi inakuwa "hali timilifu" vilevile. Wanakamati waliokipitisha walijali mihuri kuliko mifano.

Kirusi hakina njeo hiyo. Kina njeo tatu na hali mbili, na ile waliyoibandika jina la timilifu hulitazama tendo kama kitu kizima chenye mpaka wake. Mzaliwa wa Muyinga anayeishi Gitega mwaka wa kumi huu, akikifuata kijitabu, atasema "ya prozhil v Gitege dyesyat lyet", na Mrusi ataelewa kwamba amekwishahama. Alitakiwa kusema "ya zhivu", njeo iliyopo, kama sisi tusemavyo "naishi".

Kwa hiyo kwa hali hiyo ya Kirusi nashikilia jina la "hali hitimishi", wacheke wanaocheka. "Timilifu" tumekwisha kuipa -me- yetu, na -me- ina nasaba yake: wanaisimu wengi huiunganisha na kitenzi cha kale cha kumaliza, ndugu wa "kumara" ya Kirundi, inayotupa "amaze kurya". Lakini leo -me- imetoka mbali na asili hiyo. "Mtoto amelala" ni habari ya sasa, na Mrusi husema "spit", yaani njeo iliyopo. Hitimishi, kwa upande wake, inatoka kwenye Kiarabu cha kutia muhuri, na kila aliyepita madrasa ya Muyinga anajua kuhitimu msahafu maana yake ni kuufikisha mwisho. Ndiyo tofauti ya "chital" na "prochital": wa kwanza amewahi kukisoma kitabu, wa pili amekihitimu. Swali letu la "umekisoma?" hubeba yote mawili, Mrusi hana budi kuchagua.

Mwenzangu mmoja, mtetezi wa "timilifu", hudai kwamba Kirusi hakijapata kuwa na njeo timilifu. Angefungua historia. Umbo la wakati uliopita lenye -l, kama "potyeryal", lilikuwa zamani sehemu tu ya njeo timilifu, likiandamana na kitenzi cha "kuwa". Kitenzi kile kikadondoka, -l ikabaki peke yake. Ndiyo sababu mpaka leo umbo hilo hufuata jinsia badala ya nafsi: mwanamume "potyeryal", mwanamke "potyeryala", awe ni mimi, wewe au yeye.

Matumizi, kwa kifupi: ufunguo umepotea na hadi sasa huna, tumia hitimishi, "ya potyeryal klyuch"; umewahi kufika mahali ukarudi, hali isiyo hitimishi, "ya byl v Muyinge"; jambo lingali linaendelea, njeo iliyopo. Ukiwa na shaka, jiulize kama tendo lenyewe, si matokeo yake, linaendelea mpaka leo; likiendelea, achana na wakati uliopita.