Nukta zenye pengo dogo la mtawanyo

Nukta zenye pengo dogo la mtawanyo ni nukta zilizopangwa kwa kanuni ndani ya mraba wa kizio, au ndani ya mchemraba wa dimensheni nyingi, ili kila sehemu ipate idadi ya nukta inayolingana na ukubwa wake. Hutumika kukadiria integrali: thamani ya fanksheni hupimwa kwenye kila nukta, kisha wastani wa thamani hizo huchukuliwa kuwa jibu. Njia hii huitwa kwazi-Monte Karlo, kwa kuwa hesabu yake ni ileile ya Monte Karlo na kinachobadilika ni mahali nukta zinapowekwa.

Pengo lenyewe hupimwa hivi. Chukua kisanduku chochote kinachoanzia kwenye kona ya sifuri, hesabu ni sehemu gani ya nukta zote imeangukia ndani yake, kisha toa eneo la kisanduku hicho. Tofauti kubwa kuliko zote, baada ya kupitia visanduku vyote vinavyowezekana, ndiyo pengo la mtawanyo. Kwa nukta N za nasibu pengo hili hupungua takriban kama 1/√N. Kwa nukta zilizopangwa vizuri katika dimensheni d hupungua kama (log N)^(d−1)/N. Uhusiano wake na kosa la integrali ulithibitishwa na Koksma kwa dimensheni moja katika miaka ya 1940, na Hlawka akaupanua mwaka 1961: kosa halizidi pengo la mtawanyo likizidishwa na kipimo cha jinsi fanksheni inavyopandapanda na kushuka.

Jinsi nukta zinavyotengenezwa

Kanuni iliyo msingi wa nyingine nyingi ilitolewa na van der Corput mwaka 1935. Andika namba ya nukta kwa mfumo wa binari, zigeuze tarakimu zake kinyumenyume, kisha uziweke baada ya nukta ya sehemu, bado kwa binari. Namba 6 ni 110. Ikigeuzwa inakuwa 0.011, yaani 3/8. Ukianza na 0 hadi 7 unapata 0, 1/2, 1/4, 3/4, 1/8, 5/8, 3/8, 7/8. Kila nukta mpya inakwenda kwenye nafasi iliyo wazi, wala hairundikani na zilizotangulia.

Ili kupata nukta za dimensheni mbili, Hammersley aliweka i/N kwenye mhimili wa kwanza na namba iliyogeuzwa kwenye mhimili wa pili. Kwa nukta nane hizo matokeo yanaweza kukaguliwa kwa penseli. Gawa mraba katika vipande nane vya wima vyenye upana wa 1/8: kila kipande kina nukta moja. Ugawe katika vipande nane vya mlalo, au mistatili ya 1/4 kwa 1/2, au ya 1/2 kwa 1/4: kila mara, kila kipande kina nukta moja tu. Nukta nane za nasibu zina uwezekano wa asilimia 0.24 tu wa kufanikisha hata ule mgawanyo wa kwanza peke yake. Kwa kawaida vipande kadhaa hubaki vitupu huku vingine vikibeba nukta mbili au tatu, na kosa la Monte Karlo hutokana hasa na marundo na mapengo hayo.

Hesabu moja kwa ukamilifu

Chukua fanksheni f(x, y) = xy juu ya mraba wa kizio. Jibu sahihi ni 1/4. Hesabu hii ni rahisi na haihitaji kompyuta, lakini inafaa kwa sababu kosa lake linaweza kuandikwa lote bila kukadiria. Chukua nukta za Hammersley, N = 2^m, na usogeze kila moja kwa 1/(2N) kwenye mihimili yote miwili ili ikae katikati ya kipande chake.

Kwa N = 8, jumla ya mazao xy ni 152/64. Ukigawa kwa 8 unapata 0.296875, kwa hiyo kosa ni 0.046875, yaani 3/64. Kosa la kawaida la Monte Karlo kwa nukta nane ni 0.078. Tofauti ipo, ila haijawa ya kumshangaza mtu.

Kosa hilo la 3/64 limetoka wapi? Biti ndogo kabisa ya x ndiyo biti kubwa kabisa ya y, na kinyume chake, kwa sababu moja ni kioo cha nyingine. Biti ikiwa 1, inainua x kidogo na y sana, au x sana na y kidogo. Kwa vyovyote vile mchango wake kwenye kosa ni uleule, 1/(8N). Biti ziko m, kwa hiyo kosa lote ni m/(8N) kamili. Hapa ile logaridhimu ya kwenye nadharia inaonekana kwa macho: m si kingine ila logaridhimu ya N kwa kizio cha 2.

Sasa ongeza nukta. Kila N inapoongezeka maradufu, kigawanyo kinakua maradufu na m inaongezeka kwa 1 tu. Kwa N = 1,024 kosa ni 0.00122, na la Monte Karlo ni 0.0069. Kwa N = 1,048,576 kosa ni 0.0000024, na la Monte Karlo ni 0.000215, yaani karibu mara tisini zaidi. Anayetaka kufikia usahihi huo kwa nukta za nasibu atahitaji takriban bilioni 8.5.

Dimensheni zinapoongezeka

Kwa kusoma kanuni ya (log N)^(d−1)/N pekee, mtu angekata tamaa mapema. Katika dimensheni 10, kwa nukta 1,024, kiasi hicho ni makumi ya maelfu, ilhali pengo lenyewe haliwezi kuzidi 1. Kanuni hiyo haijakosea. Haisemi chochote cha maana mpaka N iwe kubwa mno. Kwa msingi huo, na kwa majaribio yao wenyewe, Bratley, Fox na Niederreiter waliandika mwaka 1992 kwamba juu ya dimensheni kama 12 hawakuona faida ya kiutendaji.

Mwaka 1995 Paskov na Traub wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha majaribio yaliyopingana na hilo. Walikadiria thamani ya hati za fedha zinazotegemea mikopo ya nyumba ya miaka 30. Kila mwezi una riba yake isiyojulikana, kwa hiyo integrali ina dimensheni 360. Nukta zilizobuniwa na Sobol mwaka 1967 zilifikia usahihi uliotakiwa kwa nukta chache kuliko Monte Karlo.

Maelezo yanayokubalika leo yanaiangalia fanksheni yenyewe. Fanksheni ya vigeu vingi inaweza kuvunjwa kuwa jumla ya sehemu: zinazotegemea kigeu kimoja kimoja, zinazotegemea jozi, kisha utatu, na kuendelea. Nukta 1,024 za Sobol zikitazamwa kwenye mhimili wowote mmoja zimejipanga bila dosari, moja kwa kila kipande cha 1/1024; zikitazamwa kwa jozi za mihimili ya mwanzo, karibu vilevile. Ikiwa sehemu kubwa ya fanksheni iko kwenye vigeu kimoja kimoja na jozi, kosa hushuka karibu na 1/N hata kama vigeu ni mia kadhaa. Hali hii Caflisch, Morokoff na Owen waliipa jina la dimensheni halisi mwaka 1997: idadi ya vigeu vinavyobeba mzigo, si idadi ya vigeu vilivyoandikwa. Mwaka uliofuata Sloan na Woźniakowski walithibitisha kwamba umuhimu wa vigeu ukipungua haraka ya kutosha kutoka cha kwanza kwenda cha mwisho, kosa halitegemei tena d.

Gridi ya kawaida haina sifa hiyo. Nukta 1,024 za gridi katika dimensheni 10 zina thamani mbili tu kwenye kila mhimili, kwa hiyo kila kigeu kimepimwa mahali pawili pekee.

Mtumiaji anaweza kuishusha dimensheni halisi kwa mkono wake. Katika mwendo wa Brown, badala ya kujenga njia hatua kwa hatua, mhimili wa kwanza wa Sobol hupewa mwisho wa njia, wa pili katikati, kisha robo, na kuendelea. Hili ndilo daraja la Brown. Ukienda mbali zaidi na kutumia vijenzi vikuu, kijenzi cha kwanza peke yake hubeba asilimia 81 ya mtikisiko wa njia nzima, na viwili vya kwanza asilimia 90.

Panapoharibika

Mfuatano wa Halton wa mwaka 1960 hutumia kizio tofauti cha namba tasa kwa kila mhimili. Kwa mhimili wa 7 na wa 8 vizio ni 17 na 19. Nukta 17 za mwanzo ni i/17 na i/19, na zote zinalala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ukichora picha ya jozi hiyo unaona mistari sambamba na sehemu kubwa ya mraba ikiwa tupu, na hali hiyo haiondoki mpaka N ipite mazao ya vizio hivyo viwili kwa mbali. Kuchora jozi za mihimili ya mwisho kabla ya kuamini jibu ni kazi ya dakika moja, na inafaa ifanywe kila mara.

Kosa jingine limeenea mno kwenye programu. Nukta ya kwanza ya Sobol ni sifuri kwenye mihimili yote, na kigeuzi cha mgawanyo wa kawaida huitoa kama namba hasi isiyo na kikomo, basi wengi huitupa. Kuitupa, au kuchukua nukta 1,000 badala ya 1,024, huvunja ule ulinganifu wa nukta moja kwa kila kipande na kunaweza kurudisha kasi ya kupungua kwa kosa nyuma sana. Tiba ni kuvuruga tarakimu kwa nasibu kwa njia ya Owen ya mwaka 1995: mgawanyo wa vipande unabaki mzima, nukta ya sifuri inaondoka pembeni, na kwa fanksheni laini kosa linaweza kushuka karibu na N^(−3/2).

Uvurugaji huo ndio unaotoa pia kipimo cha kosa, kwa kuwa nukta za kanuni peke yake hazina variansi ya kupima. Hesabu hurudiwa kwa vurugo kadhaa zisizotegemeana na majibu yakalinganishwa:

```python
import numpy as np
from scipy.stats import qmc

f = lambda p: p.prod(axis=1)  # weka fanksheni yako hapa
j = []
for k in range(16):
    p = qmc.Sobol(d=8, scramble=True, seed=k).random_base2(10)
    j.append(f(p).mean())
print(np.mean(j), np.std(j, ddof=1) / 4)
```

Namba ya pili ni kosa la kawaida. 4 ni kipeuo cha pili cha 16. Irudie kwa `random_base2(12)`, ambapo nukta ni mara nne. Kosa likishuka mara mbili tu, hiyo ni kasi ya Monte Karlo na mpangilio wa nukta hausaidii. Likishuka karibu mara nne au zaidi, unasaidia. Hali ya kwanza hutokea hasa fanksheni inapokuwa na ukingo mkali unaokata vigeu vyote kwa mshazari, kwa mfano hati ya fedha inayokufa bei ikigusa kiwango fulani. Hapo kipimo cha Hlawka cha kupandapanda huwa hakina kikomo, na ukingo huo hulainishwa kwanza kwa kukokotoa integrali ya kigeu kimoja kwa fomula kabla ya kuingiza nukta.