Kupaka rangi nywele zinazoota upya baada ya dripu za saratani: lini usubiri na lini uendelee

Baada ya kipindi chetu cha afya kuhusu saratani ya matiti, ujumbe uliorudi mara nyingi kwenye simu ya studio haukuhusu maumivu wala nauli ya kwenda kliniki. Ulihusu nywele. Akina mama waliomaliza dripu pale Ocean Road, Bugando au KCMC na kurudi nyumbani wanasema nywele zimeanza kuota, lakini zimeota na mvi, laini kama za mtoto mchanga, na kila anayekutana nao njiani anawatazama kichwani kwanza kabla ya kuwasalimia. Wanauliza: je, ninaweza kupaka piko?

Jibu fupi ni kwamba unaweza, lakini si sasa hivi, na kuna watu ambao hawapaswi kuipaka kabisa.

Kwa nini zinaota hivyo

Dawa za dripu hushambulia seli zinazokua haraka. Saratani hukua haraka, lakini hata shina la unywele hukua haraka, ndiyo maana nywele huanza kudondoka wiki mbili au tatu baada ya dripu ya kwanza. Dripu zikiisha, vinyweleo vya mwanzo huonekana baada ya wiki chache, na baada ya mwezi mmoja hadi mitatu nywele zenyewe huanza kujitokeza. Kwa wastani hukua kama sentimita moja kwa mwezi, zetu za kipilipili wakati mwingine chini ya hapo.

Mle ndani ya shina kuna seli nyingine zinazotengeneza weusi wa nywele. Hizo nazo zimepigwa na dawa, na mara nyingi huchelewa kurudi kazini. Unywele unatoka, weusi bado. Kwa hiyo mvi unazoziona mwezi wa tatu si lazima ziwe mvi zako za kudumu. Kwa baadhi ya watu weusi hurudi wenyewe ndani ya mwaka, na nywele zilizokuwa laini hurudi kuwa za kipilipili kama zamani. Kwa wengine mvi hubaki, hasa kama umri ulikuwa tayari unazileta.

Hiyo ni sababu moja ya kusubiri. Sababu ya pili, na ndiyo kubwa, ni ngozi ya kichwa. Baada ya dripu huwa kavu na nyepesi kuumia. Kinga ya mwili nayo inaweza kuwa bado chini kwa wiki kadhaa, na kidonda kidogo kinachosababishwa na rangi kinaweza kuwa mlango wa vijidudu.

Miezi sita inahesabiwa kuanzia wapi

Ushauri unaotolewa sana ni kusubiri miezi sita baada ya dripu ya mwisho kabla ya kutumia rangi za kemikali. Baadhi ya madaktari huruhusu mapema zaidi, hata miezi mitatu, kama ngozi ni nzima na nywele zimerefuka vya kutosha. Kwa hiyo usiichukue miezi sita kama sheria ya barabarani. Ichukue kama muda ambao kwa watu wengi ngozi imeshatulia, kisha uikague yako mwenyewe.

Wengi wanachanganyikiwa kwenye hesabu. Mama amemaliza dripu lakini bado anameza vidonge vya tamoksifeni kila siku, na ameambiwa atavimeza miaka mitano au zaidi. Je, asubiri miaka mitano? Hapana. Hesabu inaanza kwenye dripu ya mwisho. Ila ajue kwamba vidonge hivyo navyo vinaweza kupunguza wingi wa nywele kwa baadhi ya watu, kwa hiyo zikiwa chache asidhani ni rangi iliyoziua.

Aliyepigwa mionzi kichwani ana hesabu nyingine. Ngozi ile huchukua muda mrefu zaidi kupona, na pengine nywele zisirudi sehemu yote. Huyo asipake chochote mpaka aliyempa tiba aikague ngozi na kumruhusu.

Na aliyenyonyoka nywele baada ya malaria kali, taifodi au kujifungua? Hali yake ni nyepesi zaidi. Nywele hizo hudondoka miezi miwili au mitatu baada ya ugonjwa, kisha huacha zenyewe. Asubiri zikome kudondoka na mpya zionekane, basi. Lakini kichwa chenye mabaka yanayowasha na kutoa magamba kinaweza kuwa na mapunye, na mapunye hutibiwa kwa vidonge vya kliniki. Kuyafunika kwa rangi ni kuyaficha tu.

Mama wa harusi ya Juni

Mmoja wa wasikilizaji wetu alitukubalia tusimulie habari yake bila jina. Dripu yake ya mwisho ilikuwa tarehe 12 Januari. Katikati ya Mei nywele zilikuwa zimefika urefu wa pingili ya juu ya kidole gumba, kama sentimita tatu, mbele zikiwa nyeupe kabisa. Harusi ya binti yake ilikuwa tarehe 27 Juni. Alikuwa ameshanunua piko ya unga, ile ambayo wengine huiita kanta, na alitaka kujua kama siku hizo kumi na tano zinazokosekana kufika miezi sita zitamdhuru.

Kwa hesabu ya tarehe peke yake, tungesema hazina tatizo kubwa. Lakini muuguzi wa kliniki ya saratani tuliyemshirikisha alimuuliza mambo mawili kwanza. La kwanza: ngozi ikoje? Akajibu kwamba kisogoni kuna sehemu inayobanduka na kuchonyota akioga, pale wigi linapokaza. Basi hapo rangi isiguse mpaka papone, awe na miezi minne au kumi.

La pili ndilo lililobadilisha kila kitu. Je, amewahi kuchorwa hina nyeusi mikononi? Ndiyo, miaka mingi iliyopita, kwenye harusi ya dada yake. Na siku ya pili mikono ilivimba, ikatoka malengelenge yakifuata mistari ya maua yaliyochorwa.

Hina ya asili, majani yaliyosagwa, haitoi rangi nyeusi. Hutoa rangi ya chungwa, nyekundu au kahawia. Ikiwa nyeusi ti ndani ya saa moja, imechanganywa na piko. Ndani ya piko, na ndani ya rangi nyingi nyeusi za dukani, kuna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwenye boksi huandikwa PPD au p-phenylenediamine. Mwili ukishaikataa mara moja, haisahau. Mara ya pili huikataa kwa nguvu zaidi, na kichwani uvimbe hushuka mpaka kwenye kope, mtu akashindwa kufungua macho. Kwa mama huyu swali la lini halikuwepo tena. Piko asiiguse, si Juni wala mwakani. Aliirudisha dukani ikiwa haijafunguliwa.

Harusini alivaa kilemba. Mwezi Agosti, kisogo kikiwa kimepona, alipaka hina ya majani tupu baada ya kuijaribu kwanza mkononi. Nywele nyeusi zilibaki nyeusi, zile nyeupe zikawa rangi ya shaba. Anasema amezizoea.

Jinsi ya kujaribu kabla ya kupaka

Kama hujawahi kuvimba wala kuwashwa na hina nyeusi au piko, ngozi ni nzima, nywele zimepita sentimita mbili na nusu na muda umetimia, bado usipake kichwa kizima siku hiyo. Fanya jaribio hata kama ulikuwa unatumia piko hiyohiyo miaka kumi kabla ya kuugua.

Changanya rangi kidogo sana, kwa namna ileile utakayoichanganya siku ya kupaka. Weka tone la ukubwa wa punje ya mahindi nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko. Fuata maelezo ya boksi kuhusu muda wa kuiacha. Kama hayapo, suuza baada ya dakika arobaini na tano, na ikiwasha mapema suuza papo hapo. Kisha subiri siku mbili kamili, yaani saa 48. Wengi hukosea hapa: wakiona jioni hakuna kitu, wanapaka. Mzio wa piko hauna haraka, huja siku ya pili au hata ya tatu. Ukiona wekundu, muwasho, uvimbe au malengelenge, jibu umelipata.

Kama bado unatumia dawa kama deksamethasoni au prednisoloni, jaribio linaweza kukudanganya, kwa sababu dawa hizo hutuliza mzio na kuuficha. Mwulize daktari kwanza.

Siku ya kupaka

Usisuke, usikune wala kuchana kwa nguvu siku iliyotangulia. Paka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikio na shingo. Vaa glovu. Rangi iende kwenye nywele, usiisugue kwenye ngozi. Nywele hizi mpya ni nyembamba na hushika rangi upesi, kwa hiyo anza kuangalia kabla ya muda wa boksi kuisha, wala usilale nayo kichwani. Suuza mpaka maji yatoke meupe.

Mtu akikushauri uweke na dawa ya kulainisha nywele siku hiyohiyo, kataa. Dawa ile huunguza kuliko rangi, na kwa nywele zilizotoka kwenye dripu ni bora kuikaa mbali mwaka mzima. Anayetumia minoksidili ya kupaka ili kuotesha nywele aiache siku ya rangi na aendelee kesho yake kama ngozi haichonyoti.

Kichwa kikianza kuunguza ukiwa umepaka, usivumilie. Suuza kwa maji mengi. Kope zikivimba, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukikosa pumzi au ulimi ukavimba, hiyo ni dharura, tafuta usafiri saa hiyohiyo. Na kama uko bado kwenye dripu au umezimaliza karibuni, kisha ukapata kidonda kichwani pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, usianze na dawa za malaria nyumbani. Nenda hospitali na useme mapema kwamba ulikuwa kwenye dripu za saratani.

Unga uliobaki uufunge na kuuweka juu, mbali na watoto. Piko ikimezwa, hata kidogo, huvimbisha koo na kuharibu figo, na imeshaua watu. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda wala kopo la chumvi.