Newton Naye Alipika Data

Wacha nianze na dhambi yangu. Nikiwa kidato cha nne tulipewa jaribio la kupima kasi ya sauti, na kundi letu halikupima kitu. Tulijua jibu linafaa kuwa karibu 340, kwa hivyo tukalianzia mwisho tukirudi mwanzo. Mwalimu aliangalia namba zetu kwa sekunde kama tano hivi, akasema, "Nyinyi mmepika." Alijuaje? Nitafika hapo.

Kwanza nikuonyeshe mpishi mkubwa kutuliko. Mwaka 1687, kwenye kitabu chake cha Principia, Isaac Newton alitoa hesabu ya kasi ya sauti hewani: chukua shinikizo la hewa, gawanya kwa densiti yake, tafuta kipeuo cha pili. Hesabu safi kabisa. Shida ni kwamba jibu lilikuwa dogo. Kwenye toleo la 1713 hesabu yake ilitoa futi 979 kwa sekunde, na watu waliokuwa wamepima kwa mizinga na saa walikuwa na 1142. Sasa jamaa akafanya nini? Akasema chembe za hewa zenyewe ni ngumu na sauti huzipita papo hapo, akaongeza sehemu moja kwa tisa. Halafu akasema kuna mvuke hewani usioshiriki kubeba sauti, akaongeza tena kidogo. Ajabu ni kwamba ilifika 1142 kamili! Mimi naona huko ni kupika, hata kama mpishi ni Newton.

Kosa lake halikuwa kwenye chembe wala mvuke. Lilikuwa kwenye joto. Ukishawahi kujaza upepo kwenye baiskeli, unajua pampu hupata moto kwa sababu hewa ikibanwa haraka hupanda joto. Sauti ni hewa inayobanwa na kutanuka, na Newton alichukulia kwamba joto hilo linatoka mara moja. Haliwezi. Kwa sauti ya hezi 512, mahali palipobanwa patakuwa pametanuka baada ya elfu moja ya sekunde hivi, na mahali palipotanuka karibu nawe pako sentimita 34 mbali. Joto halina muda wa kusafiri, kwa hivyo linabaki pale pale, hewa inasukuma kwa nguvu zaidi, na sauti inakwenda mbio zaidi.

Ni Laplace, Mfaransa, aliyeandika sahihisho hilo mwaka 1816: zidisha shinikizo kwa gama kwanza.

v = √(γp/ρ)

Gama ni uwiano wa viwango viwili vya joto: kile cha kupasha gesi ikiwa huru kutanuka, na kile cha kuipasha ikiwa imefungiwa. Cha kwanza ni kikubwa, maana gesi inayotanuka hutumia joto lingine kusukuma kilicho kando yake. Kwa hewa, gama ni 1.4. Kwa nyuzi 0, Newton anakupa mita 280 kwa sekunde, Laplace anakupa 331.

Sasa rudi maabara. Una mrija ndani ya maji na uma wa sauti wa hezi 512 juu yake. Unashusha maji polepole hadi mrija uvume kwa nguvu. Ukipita, rudi juu, ushuke tena, uchukue wastani. Tuseme hewa ina nyuzi 22, mrija una upana wa sentimita 3, na mvumo wa kwanza uko sentimita 15.9. Wa pili uko 49.5. Tofauti, 33.6, ni nusu ya urefu wa wimbi. Zidisha mara mbili, kisha mara 512: mita 344 kwa sekunde. Kutoka hapo gama inatoka kama 1.40. Kama Newton angekuwa sahihi, tofauti hiyo ingekuwa 28.4. Hizo ni sentimita 5 nzima, hata rula ya shule inaziona.

Lakini mbona tusitumie mvumo wa kwanza tu, mara nne? Ungepata 326. Wimbi haliishii mdomoni mwa mrija, linachungulia nje kidogo, kama 0.6 ya nusu ya upana wake. Hapa ni milimita 9. Ukitoa kipimo kimoja kwa kingine, hizo milimita zinajifuta.

Hapo ndipo tulipojichoma. Sisi tuliandika 16.6 na 49.8. Zidisha ya kwanza kwa tatu uone. Mrija wa kweli haukupi mara tatu kamili. Wa pili lazima uzidi mara tatu ya wa kwanza, kwa sababu ya kile kipande kinachochungulia. Mwalimu hakuhitaji hata kalkuleta. Tulirudia jaribio Jumamosi, wenzetu wakiwa uwanjani.