Kutia Sauti ya Pili kwenye Video: Kisomali na Kiswahili Kaskazini Mashariki ya Kenya

Kutia sauti ya pili ni kuiongezea video iliyokwisha kutengenezwa mkondo mwingine wa sauti, wa lugha nyingine, picha zikibaki zilezile. Mtazamaji huchagua lugha anayotaka kusikia, nayo video hubaki moja: kiungo kimoja, hesabu moja ya watazamaji, na maoni yote mahali pamoja. Manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, hulenga shabaha hiyohiyo kupitia macho. Kwa mwenye chaneli anayetaka kukuza hadhira yake Garissa, Wajir na Mandera, njia hizi mbili hazina uzito sawa. Inayofaa hutegemea video inatoka lugha gani kwenda lugha gani.

Afrika Mashariki ilizoea sauti ya pili muda mrefu kabla ya YouTube. Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, na mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Kwa Wasomali, sinema za Kihindi zenye sauti za Kisomali zimekuwa burudani ya nyumbani kwa miaka mingi. Hadi leo watu huzitafuta kwa kuandika `Hindi Af Soomaali`. Kilichobadilika ni mahali sauti inapokaa. YouTube ilitangaza mikondo mingi ya sauti ndani ya video moja Februari 2023, baada ya majaribio yaliyomhusisha MrBeast, ambaye hapo awali alikuwa na chaneli tofauti ya Kihispania. Septemba 2025 huduma hiyo ilifunguliwa kwa mamilioni ya wenye chaneli. Kampuni yenyewe ilisema kwamba, kwa wastani, waliokuwa wakiitumia walipata zaidi ya robo ya muda wa kutazamwa kutoka kwa wasikilizaji wa lugha isiyo ya asili ya video. Wastani huo ni wa dunia nzima, na si vyema kuuahidi mtu wa Garissa.

Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 2.5 katika kaunti hizo tatu, na wengi wao huzungumza Kisomali nyumbani. Kukizungumza ni jambo moja, kukisoma ni jingine. Herufi rasmi za Kisomali zilipitishwa Somalia mwaka 1972, lakini mtoto wa Garissa husoma Kurani duksini, kisha Kiingereza na Kiswahili shuleni. Mhitimu wa sekondari anaweza kufuata taarifa ya habari ya Kisomali redioni bila shida yoyote, halafu akasoma manukuu ya Kisomali kwa kusitasita. Mfugaji ambaye hakupita shule hawezi kuyasoma kabisa. Kwa hiyo video ya Kiswahili iliyowekewa manukuu ya Kisomali huwafaa zaidi wale ambao tayari wanaelewa Kiswahili, na hadhira mpya haiji. Sauti ya Kisomali ndiyo inayoileta.

Kwa upande mwingine hali hugeuka. Mtengeneza video wa Garissa anayezungumza Kisomali na kutaka kufika Nakuru au Mombasa hana haja ya kuanza na gharama ya sauti. Kiswahili ni somo la lazima katika shule za Kenya na limekuwa likitahiniwa tangu katikati ya miaka ya 1980, hivyo manukuu ya Kiswahili husomwa. Faili lake ni dogo mno, hurekebishwa kwa dakika chache, na humsaidia pia kiziwi na anayetazama akiwa amezima sauti.

Tuchukue video ya dakika 8 ya Kiswahili inayofundisha kumkagua mbuzi sokoni kabla ya kumnunua: meno, macho, kwato, kiwele. Kazi huanza na maneno yote yaliyosemwa, yakiandikwa kwa vipande na saa ya kila kipande. Mfasiri hufanya kazi akiitazama picha, kwa sababu Kisomali hutofautisha mifugo kwa umri na jinsia kwa majina ambayo maandishi ya Kiswahili hayamwonyeshi. Sentensi isipoenea katika nafasi yake, hufupishwa. Msomaji akiharakishwa, mtazamaji huona mkono uko kwenye kwato huku akisikia habari za meno.

Kurekodi kunahitaji chumba chenye magodoro au mablanketi ukutani. Garissa joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara na feni huzunguka kila mahali. Mvumo wake hunaswa na maikrofoni, kwa hiyo hurekodiwa alfajiri, feni ikiwa imezimwa. Kisha sauti ya msomaji huchanganywa na sauti za soko, yaani mbuzi, watu na magari. Hapa ndipo wengi hukwama: kama mhariri wa kwanza hakuhifadhi sauti za mazingira kando na sauti ya msimulizi, hubaki njia ya kushusha sauti yote ya asili na kusoma juu yake. Kwa mafunzo hilo linakubalika, kwa tamthilia halikubaliki.

Faili linalopakiwa linapaswa kuwa na urefu sawa na wa video. Kwa dakika 8, MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huwa na megabaiti 7.7 hivi, mzigo ambao hata mtandao dhaifu huuweza. Huwekwa kupitia YouTube Studio, sehemu ya `Languages`, pamoja na kichwa na maelezo yaliyotafsiriwa. Baada ya hapo hukaguliwa mwanzo na mwisho. Sauti ikichelewa kwa kiasi kilekile mahali pote, isogezwe. Ikianza sawa halafu ikachelewa zaidi na zaidi, kasi ya kurekodi na ya kuhariri hazikulingana, na kuisogeza hakutasaidia: faili litolewe upya.

Mipaka iko, na wa kwanza ni wa kutoonekana. YouTube huchagua mkondo kwa kufuata lugha ambayo mtazamaji anaitumia, na simu nyingi za Garissa zimewekwa Kiingereza. Mzungumzaji wa Kisomali anaweza kusikia Kiswahili na asijue kwamba kuna sauti yake. Sekunde za kwanza za video zinapaswa kuonyesha, kwa picha, kidole kikibonyeza alama ya gia na kuchagua `Audio track`. Wa pili ni WhatsApp: video ikipakuliwa na kutumwa huko mtandao usikofika, hubeba mkondo mmoja tu. Kwa wasikilizaji hao nakala ya Kisomali hutolewa peke yake. Wa tatu ni lugha zenyewe. Kisomali cha Maxaa hakimfikii kila mzungumzaji wa Maay katika kambi za Dadaab, na Wagarre wa Mandera, Waborana na Waorma wana lugha zao. Mkondo ulioandikwa Kisomali usihesabiwe kuwa umeifikia Kaskazini Mashariki yote.

Matokeo hupimwa kwa takwimu za chaneli zikigawanywa kwa mkondo wa sauti. Idadi ya waliobonyeza haitoshi. Kinachotazamwa ni muda ambao wasikilizaji wa Kisomali wanabaki, ukilinganishwa na wa Kiswahili katika video ileile. Wakiondoka wote kwenye dakika moja, tafsiri au ulinganifu wa kipande hicho una kasoro. Wasipofika kabisa, kasoro iko kwenye kichwa au kwenye uchaguzi wa mkondo.

Mwenye fedha kidogo atie sauti ya Kisomali kwenye video chache zinazotazamwa mwaka baada ya mwaka, kama hiyo ya mbuzi, na aziachie manukuu habari za wiki hii.